Muhtasari wa kikao cha asubuhi, Jumanne 15 Oktoba 2024: maendeleo na vikwazo vya mfumo wa mizani ya mwani

Kwa Nasra (Toronto), Suleiman (London) na Bi Zuwena (Maskati).

Assalaam alaykum. Kikao kilianza saa tatu asubuhi ya Zanzibar, wakati Toronto ni saa nane usiku, nanyi nyote watatu hamkuwepo. Nimeutoa muhtasari huu katika maandishi ya kikao na kuupanga kwa uzito wa mambo, si kwa zamu za wasemaji. Saa zote zilizotajwa kikaoni ni za Zanzibar kwa hesabu ya Kiswahili. Hapa nimezigeuza kwa tarakimu za saa 24 na kuweka saa ya mji wa kila anayehusika.

Linalotubana ni bamvua. Mwezi utapevuka Alkhamisi tarehe 17, na kuanzia siku hiyo wakulima wa Uzi watavuna. Bi Raya amepanga kuvuka kutoka Unguja Ukuu asubuhi hiyo maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu njia ya mikokoni ya kwenda Uzi hufunikwa maji yakijaa, ili akae na makarani wa mizani siku ya kwanza ya kupima. Programu ikikosa kuwa tayari kesho jioni, bamvua linalofuata ni la mwezi mwandamo wa mwanzoni mwa Novemba, na makarani watarudi kwenye daftari kwa msimu huu wa mavuno. Vikwazo viwili vilivyobaki vyote vinaweza kufunguliwa na ninyi mlio nje tu.

Kikwazo cha kwanza: kumbukumbu zinazoingia mara mbili (Nasra na Bi Zuwena)

Haji alijaribu programu Micheweni kwa kuingiza kumbukumbu bila mtandao na kuziacha zijitume zenyewe mtandao uliporudi. Maandishi ya kikao yanasema aliingiza 15, lakini sauti yake ilikatika mahali hapo, kwa hiyo nilimpigia simu baada ya kikao, naye akathibitisha kuwa ni 50. Zote zilifika, ila tatu zilifika mara mbili. Sababu aliyoieleza Khamis ni kwamba seva huhifadhi kumbukumbu, kisha jibu la kuipokea linapotea njiani mtandao ukikatika. Simu, kwa kutojua kuwa kazi imekwisha, hutuma tena.

Khamis amekwisha kuifanya simu iipe kila kumbukumbu namba yake ya kipekee wakati karani anapobonyeza kuhifadhi, na namba hiyo haibadiliki hata ikitumwa mara kumi. Kilichobaki ni hifadhidata kuikataa namba inayojirudia:

```
ALTER TABLE mizani
  ADD CONSTRAINT mizani_namba_uq UNIQUE (namba_ya_simu_uuid);
```

Nasra, ni wewe pekee mwenye ruhusa ya kuendesha amri hii kwenye seva kuu. Tunakuomba uchukue nakala rudufu kwanza, kisha uiendeshe kabla ya saa 12:00 mchana wa leo ya Toronto, ambayo ni 19:00 hapa. Khamis atabaki kazini hadi 20:00 ili mshirikiane likitokea lolote.

Jambo lililozua mjadala mrefu zaidi ni kumbukumbu za zamani za majaribio ambazo hazina namba hiyo. Khamis alitaka zile zinazofanana kwa jina la mkulima, tarehe na uzito zifutwe. Bi Raya alipinga, na nadhani hoja yake ina nguvu: mkulima akileta viroba viwili vya mwani mkavu vilivyojazwa sawasawa, mizani itasoma uzito uleule siku ileile, na kufuta kimoja ni kumdhulumu mama aliyekesha kuanika. Haji akapendekeza kila kumbukumbu ya zamani ipewe namba yake mpya bila kufutwa hata moja, na zinazotiliwa shaka ziwekwe alama ili zihakikiwe kwa daftari. Hakuna aliyelipinga pendekezo hilo, lakini halikupitishwa rasmi, kwa sababu hesabu za malipo ziko mikononi mwa Bi Zuwena. Bi Zuwena, tafadhali tuandikie kukubali au kukataa kabla ya 15:00 ya Maskati (14:00 hapa), maana Nasra atahitaji jibu lako atakapoamka.

Kikwazo cha pili: gharama ya ujumbe wa risiti (Suleiman)

Risiti anayotumiwa mkulima kwa ujumbe mfupi ina herufi 148, nayo ilipaswa kutosha katika ujumbe mmoja wa herufi 160. Kwa kituo cha Uzi Ng'ambwa tunatozwa jumbe tatu. Khamis amegundua kuwa jina la kituo lilinakiliwa kutoka kwenye waraka uliobadilisha alama ya king'ong'o kuwa ile iliyopinda. Alama iliyopinda haimo katika orodha ya kawaida ya herufi za ujumbe mfupi, na ikiwemo hata moja tu, ujumbe wote huandikwa kwa mfumo mwingine ambao kikomo chake ni herufi 70, au 67 kwa kila kipande ukigawanywa. Jina lolote lenye ng' litatuletea gharama hiyo hiyo, na majina hayo hatuwezi kuyakwepa.

Upande wa programu marekebisho yamekamilika na yamejaribiwa:

```
matini = matini.replace("\u2019", "'")
```

Hata hivyo, kiolezo cha risiti kimehifadhiwa pia katika akaunti ya kutuma ujumbe, na huko bado kina alama iliyopinda. Suleiman, ni wewe mwenye funguo za akaunti hiyo. Tunaomba ukibadilishe kabla ya 12:00 ya London (14:00 hapa), kisha utume ujumbe mmoja wa majaribio kwenye simu ya ofisi, nasi tutaangalia umehesabiwa vipande vingapi.

Yaliyokamilika

Jana ilikuwa Siku ya Nyerere hapa na sikukuu ya Shukrani huko Kanada, hivyo haya ni ya tangu Ijumaa. Karani sasa hawezi kuhifadhi uzito bila kuchagua kama mwani ni mbichi au mkavu, na kama ni spinosum au kotonii. Jambo hili liliombwa na makarani wenyewe, kwa kuwa bei zake hazifanani. Maandishi ya skrini yamekuzwa ili yasomeke juani. Bi Raya amemaliza mwongozo wa kurasa mbili na ameusoma pamoja na karani mmoja wa Bweleo, ambaye alielewa yote isipokuwa sehemu ya kusahihisha uzito uliokosewa. Sehemu hiyo ataiandika upya leo.

Lisiloamuliwa

London itarudisha saa nyuma Jumapili tarehe 27 Oktoba na Toronto tarehe 3 Novemba. Zanzibar na Maskati hazibadilishi saa. Kikao kikibaki 09:00 ya hapa, kwa Suleiman kitakuwa 06:00 badala ya 07:00. Haji alipendekeza tusogee hadi 10:00, lakini Bi Raya hukosa mtandao saa hizo za bamvua akiwa pwani. Suleiman, tungependa kusikia kauli yako kabla hatujaamua.

Maandishi kamili yako kwenye folda ya vikao kwa tarehe ya leo. Mjadala wa kumbukumbu za zamani unaanza dakika ya 11 na kuishia dakika ya 19, na Bi Zuwena namwomba ausome wote kabla ya kujibu.

Salma, Zanzibar, 10:30