Maneno ya Asubuhi ya Kwanza kwa Kikundi cha Matembezi

Wazee wetu, ndugu zangu na majirani zangu, hamjambo? Nawashukuru kwa kuitikia wito na kufika hapa saa 12:15 asubuhi, wakati ambapo kitanda bado kina joto na umande haujakauka majanini. Tumejiandikisha watu 31. Nikitazama nyuso zenu naona vijana, naona akina mama waliobeba watoto wachanga mgongoni, na naona babu yetu mmoja aliyekuja na mkongojo wake. Nimeombwa niseme machache kabla hatujaondoka, nami nina ombi moja tu: leo tutembee kidogo kuliko tunavyoweza.

Najua ombi hilo linaweza kuwashangaza, kwa sababu mtu aliyejikaza akaamka alfajiri hutamani arudi nyumbani akiwa amefanya jambo kubwa. Nami nilikuwa hivyo. Miaka miwili iliyopita niliambiwa na daktari kwamba shinikizo langu la damu limepanda na kwamba kutembea kutanisaidia. Kesho yake nilitoka peke yangu, nikaenda kwa kasi muda wa saa moja na nusu, nikarudi nimejaa fahari. Siku ya tatu nilikuwa nashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, goti la kulia limevimba, na kwa miezi minne sikutoka tena hata siku moja. Lililoniumiza zaidi halikuwa goti, bali ile imani iliyoniingia kwamba mwili wangu umekataa, ilhali mimi ndiye niliyeudai kitu ambacho sikuwa nimeuandaa kukitoa. Niliporudi tena barabarani nilianza na dakika saba, nikarudia dakika hizo hizo saba wiki nzima, na ndizo zilizonifikisha mbele yenu leo.

Sababu ya kwenda polepole imo ndani ya mwili wenyewe. Moyo na mapafu huzoea upesi, misuli hufuata baada ya wiki kadhaa, lakini kano na mifupa huhitaji miezi ili iwe imara. Kwa hiyo, yapata wiki ya tatu au ya nne, utahisi pumzi imekuwa nyepesi na miguu inataka kukimbia, nawe utadhani mwili mzima umekuwa tayari, kumbe ile kano inayounganisha misuli ya nyuma ya mguu na kisigino bado iko katika kazi ya kujijenga. Wiki hiyo ndiyo ninayowahofia zaidi, hata kuliko asubuhi ya leo, kwa maana leo sote tuna tahadhari. Siku mtakapojiona mna nguvu kupita mpango wetu, nawasihi mkumbuke maneno haya na mbaki ndani ya mpango.

Mpango wenyewe ni huu. Tutakutana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Wiki hii kila safari itakuwa ya dakika 20, yaani dakika 10 za kwenda na 10 za kurudi, na kila wiki tutaongeza dakika 3 tu kwa kila safari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Sisi tunaanza na dakika 60, na kwa nyongeza hiyo ndogo tutafika 150 katika wiki ya kumi na moja. Mwongozo huo huo unasema kwamba kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, kwa hiyo asiyeweza hata dakika 20 leo ageuke nyuma baada ya tano bila kuona haya, kwani atakuwa ameshaanza.

Baadhi yenu mmeniuliza kuhusu hatua elfu kumi kwa siku. Idadi hiyo ilienea kutokana na kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la kuuzia bidhaa, wala si mpaka ambao afya huanzia hapo. Anayependa kuhesabu na ahesabu, ila asijilinganishe na jirani yake.

Kipimo tutakachotumia sisi ni mazungumzo. Ukiweza kuongea na mwenzako kwa sentensi nzima lakini ukashindwa kuimba, mwendo wako ni wa wastani na unakufaa. Ukilazimika kukatiza neno ili uvute pumzi, punguza, na ukiona unaweza kuimba wimbo mzima bila taabu, ongeza kidogo. Kipimo hiki ni cha haki, kwa kuwa kinampima kila mtu kwa kifua chake mwenyewe: mwendo unaomtosha kijana wa miaka 20 unaweza kumzidi mama wa miaka 60, na wote wawili watakuwa wamefanya kazi sawa.

Kwa sababu hiyo hiyo, hakuna atakayeachwa nyuma. Daima mmoja wetu atatembea mwisho kabisa, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna mtu nyuma yake. Ukihisi maumivu au mbano kifuani, kizunguzungu, au pumzi inayokataa kutulia hata baada ya kupunguza mwendo, simama papo hapo na umwambie, nasi tutakutafutia msaada wa daktari. Usivumilie kwa ajili ya kutuheshimu. Maumivu ya misuli yanayokuja kesho au keshokutwa ni ya kawaida na hupita yenyewe. Maumivu makali ya kiungo, au yanayokufanya uchechemee, ni amri ya kupumzika. Wenye kisukari, nawaomba mkifika nyumbani mvue viatu na soksi mkague nyayo na katikati ya vidole, kwa kuwa lengelenge dogo lisilohisiwa linaweza kugeuka kidonda kikubwa.

Zitakuja siku ambazo hutafika. Mvua itanyesha, mtoto atalia usiku kucha, kazi itakuita mapema. Wahenga walisema kawia ufike, nami kila ninapoukumbuka usemi huo humfikiria mtu aliyekosa wiki mbili akaona aibu kurudi. Ndugu yangu, rudi. Hatutakuuliza ulikuwa wapi kwa sauti ya lawama, na hutadaiwa dakika ulizokosa. Utaanza na dakika chache kuliko wengine, na mmoja wetu atageuka njiani pamoja nawe ili usirudi peke yako.

Sasa tufunge kamba za viatu vizuri, na tuhakikishe vidole vina nafasi mbele ili visigonge kiatu. Dakika 3 za kwanza tutakwenda taratibu sana ili viungo vipate joto, mikono ikining'inia huru na macho yakitazama mbele badala ya ardhini. Babu, nakuomba upite mbele pamoja na mkongojo wako, kwa sababu asubuhi ya leo mwendo wetu sote utakuwa mwendo wako, na vijana watakaa nyuma yako. Saa yangu inaonyesha 12:25. Karibu, babu, utuongoze.