Barua za Alhamisi kwa mkaza mjomba, Langoni, Lamu

Malindi, Alhamisi 7 Desemba 2023

Assalaam alaykum mkaza mjomba,

Nakubusu mkono. Tumefika salama, alhamdulillahi, ingawa pale Lango la Simba maji yalikuwa bado yametanda kando ya barabara na dereva akaenda mwendo wa jongoo.

Nilipokuaga uliniambia, "Sasa nyumba itanyamaza." Mbele za watu sikuwa na la kukujibu. Jibu langu ni hili: nitakuandikia kila Alhamisi. Barua fupi, herufi kubwa. Nitampa mtu wa basi la Ijumaa afike nayo Mokowe, na babake Nasra ataipokea akirudi kazini na boti ya jioni. Simu pia nitapiga, lakini najua sikio lako la kushoto linavyokusumbua, tena simu ikishakatika huna cha kushika. Nasra amekubali kuvuka wikio kila Jumamosi asubuhi aje akusomee. Si lazima unijibu. Ukiwa na neno mwambie yeye, litanifika.

Sitakuambia usilie, wamekwambia wengi. Na jina la Mjomba Shee nitalitaja humu. Matangani niliona watu wakilikwepa mbele yako, na mtu akiponyokwa nalo wewe unainua uso.

Mpwa wenu,
Rukia


Alhamisi 21 Desemba 2023

Mkaza mjomba, assalaam alaykum.

Pamoja na barua hii pana kikapu cha maembe, ngowe juu, boribo chini. Yaliyo mabichi ni matatu tu, nimeyatia makusudi. Mjomba alikuwa akiyakata vipande vyembamba, chumvi na pilipili ya unga, anakula amesimama hapo ukutani mwa jiko huku wewe ukimgombeza kwamba atauharibu ugali wa mchana. Kula moja na Nasra.

Kaskazi imeshika. Huku ngalawa zimeanza kutoka mapema.

Rukia


Alhamisi 18 Januari 2024

Assalaam alaykum mkaza mjomba,

Nasra amenipa ujumbe wako wote, hata ule uliomwambia asiuseme. Usimkasirikie. Ameniambia usiku ndio mzito, na kwamba kabla ya alfajiri bado unaamka kumsikiliza akikohoa. Ameniambia pia kuhusu vikombe viwili vya kahawa.

Viweke tu. Umemtilia mtu kahawa miaka arubaini na zaidi, na mkono una mazoea yake. Hakuna wa kukuuliza ndani ya nyumba yako. Ninachokuomba ni kimoja: ukishaweka vikombe, kula na mkate. Nasra anasema mkate wa mofa ulioletewa siku ya Jumatatu ulikuwa bado upo Jumatano. Dawa ya presha haitaki tumbo tupu. Nimezungumza na mamake Nasra, atakuja kula chakula cha usiku kwako siku atakazoweza, na mchuzi utakuwa wake. Wewe pika wali tu, wa watu wawili. Najua hupendi kupewa, ndiyo maana nimeomba uwe mwenyeji.

Kwa zile saa za kabla ya adhana, nakupa kitu cha kufikiria. Nilipokuwa na miaka tisa, Mjomba alinikalisha kwenye forodha akanisimulia walivyopakia boriti wakavuka hadi Uarabuni, kabla serikali haijazuia kuuza boriti nje mwaka 1982. Nikamuuliza, usiku baharini mlikuwa hamwogopi? Akaniambia, "Nilikuwa naogopa, lakini nilijua Khadija yuko macho." Sikupata kukuambia.

Rukia


Alhamisi 22 Februari 2024

Assalaam alaykum,

Haya mambo ya kioo. Nimesikia kwamba kuna bibi amekuja akakuambia mwenye eda hajitazami kiooni, hapiti ukumbini mchana, hasemi na mtoto wa kiume hata wa miaka saba. Nimemwendea mwalimu wa chuo chetu, mtu wa elimu na mwenye huruma. Amesema: eda ni miezi minne na siku kumi, kukaa nyumbani, kuacha manukato, mapambo na nguo za kujipamba. Kioo hakikukatazwa. Kusema na watu kwa heshima hakukukatazwa. Kwenda hospitali ukiugua ni halali yako, wala usingoje jicho lizidi kuuma eti kwa sababu ya eda.

Nimekasirika, mkaza mjomba, na nakuambia wazi. Mzigo uliopewa na Mwenyezi Mungu unatosha, usiongezewe na majirani. Kafungue ule mlango wa ukumbini, upate upepo.

Rukia


Alhamisi 28 Machi 2024

Ramadhani karim, mkaza mjomba.

Umetoka eda. Mama angependa kuja kukuogesha mwenyewe, ila mguu wake haujapona. Ametuma leso, ile yenye maua mekundu, na udi kidogo. Ukiona moyo haujataka kujifukiza, uweke. Siku ya kutoka eda watu hudhani huzuni nayo imetoka, wanakuja na vicheko, na jioni wanaondoka wote pamoja. Kwa hiyo Jumapili baada ya tarawehe nitapiga simu kwa Nasra, akupe uzungumze nami, hata kama ni kimya tu tutanyamaziana.

Futari ya leo kwetu ni muhogo wa nazi na kaimati. Kaimati zangu zimetoka ngumu, za kwako hazijapata mfano.

Rukia


Alhamisi 11 Aprili 2024

Idd mubarak. Jana nilipoona wanaume wakirudi msikitini na kanzu zao nikajua wewe umeketi wapi na unatazama mlango upi. Abdalla amenipigia kutoka Mombasa, analaumu bosi wake aliyemnyima ruhusa, na analia. Anakuja Jumamosi. Mpikie pilau, na mkae mumlie babake pamoja. Yeye naye hajapata pa kulilia.

Rukia


Alhamisi 16 Mei 2024

Assalaam alaykum mkaza mjomba,

Barua ya wiki iliyopita imerudi mikononi mwangu, mafuriko yameikata tena barabara ya Garsen. Nilimpigia babake Nasra siku ile ile akuambie, maana sikutaka ungoje Jumamosi ukidhani nimechoka. Sijachoka. Zote mbili zimo katika bahasha hii.

Hakuna habari kubwa. Paka wa jirani amezaa ndani ya kapu langu la nguo. Samaki ni ghali, tumekula mbaazi siku tatu. Mvua imeangusha mpapai. Nasra asome hii ya zamani kwanza.

Rukia


Alhamisi 18 Julai 2024

Mkaza mjomba wangu,

Nimepata barua yako! Nilipoifungua nikaona khati za Kiarabu, mkono wako mwenyewe, nikakaa chini. Mimi chuoni nilisoma herufi nikaziacha, kwa hiyo Mama amenisomea, akivuta kila neno, na penye jina la Mjomba akatua. Tumeisoma mara ya pili baada ya magharibi. Kumbe ulikuwa ukiandika mashairi ya kutunzana na wenzako zamani, Mama ndiye kaniambia. Hukuwahi kusema.

Umeuliza kuhusu vitu vyake. Umesema shemeji zako wanataka sanduku lifunguliwe, vigawanywe, chumba kipumue. Mirathi ni haki ya Mungu, nayo isicheleweshwe. Kadhi anajua njia, na Abdalla ashughulike nayo mwaka huu. Lakini kanzu mbili kuukuu na kofia ya vito aliyokuwa akienda nayo baraza si vitu vya kugombaniwa wala vya kuharakishwa. Zungumza na Abdalla, mkubaliane zikae kwako.

Na ile dira. Naiona mpaka sasa kwenye kidaka cha ndani, shaba yake imeingia kijani ukingoni, sindano inatetemeka mtu akipita na mlango kufungwa. Umeandika kwamba unaipangusa kila Ijumaa. Abdalla nimemuuliza moja kwa moja kama anaitaka, akasema, "Ikae kwa Mama, mimi nitaijia siku yake." Mgao ukifika iandikwe katika fungu lake au lako, lakini isitoke mahali pake. Hilo nimelisimamia, na nitaendelea kulisimamia, hata wakinitolea macho.

Nakuomba uniandikie tena, kwa khati hizo hizo. Mama amesema atanifunza upya.

Rukia


Alhamisi 26 Septemba 2024

Assalaam alaykum mkaza mjomba,

Nasra ananiambia nyumba imejaa! Wageni wa Maulidi wamelala mpaka kwenye msana, wanawake watatu kutoka Pate na mtoto anayenyonya, nawe umeamka kabla ya alfajiri kuwapikia mahamri. Ameniambia pia jioni uliposikia matari yakivuma upande wa Riyadha ulikwenda chumbani ukafunga mlango, kisha ukatoka ukamchukua mtoto umbeleke.

Mjomba angekuwa mbele kabisa kwenye goma la fimbo, na goti lake lile bovu. Umkumbuke hivyo.

Wageni wakiondoka nyumba itakuwa kimya kuliko wiki iliyopita. Kwa hiyo nimeomba ruhusa kazini: nakuja Jumanne, nalala kwako usiku minne. Usinunue kitu. Nakuja na nazi na mchele.

Rukia


Alhamisi 14 Novemba 2024

Assalaam alaykum mkaza mjomba,

Mwaka umetimia. Khitma nimeambiwa ilikuwa nzuri, watu walijaa mpaka nje, na Abdalla alisoma Yasini bila kukwama. Nilikuwa natamani kuwapo. Huku Mama alisoma nasi nyumbani, tukagawa halwa kwa watoto wa chuo kwa jina la Mjomba Shee.

Shemeji yako mmoja amemwambia Mama, "Basi sasa ameshazoea." Mama akamjibu kwamba ulichozoea ni kuamka peke yako, si kukosa mume. Nimelipenda jibu lake na nimeona nikupelekee.

Barua za Alhamisi zinaendelea. Nasra amepanda darasa na Jumamosi ana masomo ya asubuhi, kwa hiyo atakuwa akija baada ya adhuhuri. Mwekee viazi karai, ameniomba nikuambie lakini nisiseme ni yeye. Ile barua yako ya mwisho nimeisoma mwenyewe kasoro maneno mawili, yaliyo mstari wa nne karibu na doa la chai. Niandikie tena wazi, nataka kuyajua.

Ngowe za kwanza zimeanza kushuka sokoni. Nitatia kikapu Ijumaa ijayo, na mabichi matatu.

Mpwa wako,
Rukia