Kusoma prufu: anza na maana, malizia na nukta

Rehema mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia umepewa kile kijitabu cha ufugaji nyuki ukisahihishe kabla hakijachapishwa. Kurasa 64 ni mwanzo mzuri. Umeniuliza uanzie wapi, na umesema tayari umeshika kalamu nyekundu kuwinda mikato. Iweke chini kwanza.

Prufu husomwa kwa mizunguko, na mzunguko wa kwanza ni wa maana peke yake. Sababu ni ya kikazi kabisa. Ukigundua kwamba aya fulani inapotosha, itaandikwa upya au itafutwa, na mikato yote uliyoirekebisha humo itakwenda nayo. Tena sentensi mpya itakayoingia italeta makosa yake mapya ya sarufi na kusogeza mistari ya ukurasa mzima. Kingine ni jicho lenyewe: likishaanza kutafuta nukta, huacha kuelewa linachosoma. Utapita juu ya uongo ulioandikwa kwa Kiswahili safi usiuone.

Chukua sentensi hii: "Vuna masega yasiyofunikwa kwa nta." Sarufi yake haina kasoro, tahajia yake ni sahihi. Lakini asali iliyokomaa ndiyo nyuki huifunika kwa nta. Ile iliyo wazi bado ina maji mengi na huchacha. Mwandishi alikusudia "yaliyofunikwa". Silabi moja tu imebadilika, na mfugaji anayemwamini ataharibu mavuno yake. Kosa la namna hii halikamatwi na kikagua tahajia chochote. Linakamatwa na msomaji anayejiuliza, kila aya, "Je, hili linawezekana?"

Kwa hiyo katika mzunguko huu soma kama mtu anayetaka kufuga nyuki kesho asubuhi. Fuata hatua za maelekezo kwa mpangilio wake: kama hatua ya 3 inasema fungua mzinga na hatua ya 5 inasema washa bomba la moshi, mtu ataumwa. Jumlisha majedwali mwenyewe. Ukikuta jedwali linalosema nyuki kibarua hukaa siku 3 akiwa yai, 6 akiwa buu na 12 akiwa pupa, hiyo ni siku 21. Sasa rudi kwenye maelezo uone kama hayasemi 24, ambazo ni siku za dume. Linganisha picha na maelezo yake, na kila "tazama ukurasa wa" ufungue ukurasa huo kweli. Angalia pia viwakilishi vinavyoelea. "Mfugaji alimweleza jirani kwamba mzinga wake umehamwa": wa nani?

Hapa kuna mpaka ambao nakuomba uuheshimu sana. Ukiona jambo la maana lina shaka, uliza pembeni mwa ukurasa, usijiamulie. Andika swali fupi lenye ukurasa na pendekezo: "Uk. 12: maelezo yanasema 24, jedwali linatoa 21. Tuweke 21?" Kitabu ni cha mwandishi. Msahihishaji anayebadilisha hoja kimyakimya huwa ameongeza makosa, hata pale anapodhani ameyapunguza. Majibu yakirudi na mabadiliko yakaingizwa, ndipo ufungue mzunguko wa pili.

Wa pili ni wa sentensi: sarufi, tahajia, uteuzi wa maneno. Soma polepole, ikiwezekana kwa sauti, kwa sababu sikio hukataa upatanisho mbovu hata jicho likiukubali. Upatanisho huvunjika zaidi pale kiima kinapokuwa mbali na kitenzi. "Mizinga iliyowekwa kivulini karibu na maua yana nyuki wengi": neno "maua" limemvuta mwandishi akasahau kwamba anazungumzia mizinga, nayo "ina". Vivyo hivyo "idadi ya nyuki wameongezeka", wakati kilichoongezeka ni idadi. Na kwa kuwa nyuki ni kiumbe hai, "nyuki huyu anatoka", kamwe si "nyuki hii inatoka". Katika sentensi za masharti, angalia -nge- na -ngali- zisichanganywe kiholela: "angevaa kinga, angaliepuka" irudishwe kwenye umbo moja.

Kisha kuna maneno halali yaliyokaa mahali pasipo pake, na haya ndiyo yanayonikosesha usingizi. "Chukua athari kabla ya kufungua" badala ya "hadhari". "Mahari pa kivuli" badala ya "mahali". "Samani ya asali sokoni" badala ya "thamani". Kikagua tahajia huyapitisha yote, maana yote ni maneno ya Kiswahili. Wengi wetu huchanganya r na l, au dh, th, s na z, kulingana na tulivyozoea kutamka, kwa hiyo jua udhaifu wa mwandishi wako mapema. Ukikuta mkanganyiko mmoja wa r na l, tarajia mingine.

Katika mzunguko huu huu anzisha orodha ya maamuzi, karatasi moja tu. Ni "buu" au "lava"? "Siku 21" au "siku ishirini na moja"? Ukiamua ukurasa wa 4, utahitaji kukumbuka ukurasa wa 51, na kumbukumbu haitoshi.

Mzunguko wa tatu ni wa chapa, na usifanywe kabla kurasa hazijapangwa. Sasa usisome maana tena, tazama ukurasa. Tafuta nafasi mbili zilizofuatana kwa Ctrl+F. Angalia ritifaa ya "kung'oa" na "kung'aa" iwepo, na iwe ya umbo moja kitabu kizima, maana matini iliyonakiliwa kutoka sehemu mbalimbali huchanganya ' na ’. Angalia maneno yanayokatwa mwishoni mwa mstari. Programu iliyowekewa kanuni za lugha nyingine hukata "mzin-ga" na "nyumb-ani", ilhali silabi zetu kwa kawaida huishia kwenye irabu: "mzi-nga", "nyumba-ni". Namba isiachane na kipimo chake, "kilo" mstari huu na "20" mstari unaofuata. Mpangaji kurasa, au wewe mwenyewe ukiwa ndani ya Word, ataweka nafasi isiyovunjika kwa Ctrl+Shift+Space. Mstari mmoja wa mwisho wa aya ukibaki peke yake juu ya ukurasa, mwombe aurudishe.

Vichwa vya sura visome herufi kwa herufi. Vimeandikwa kwa herufi kubwa na kila mtu huamini mwenzake ameshavisoma, ndiyo maana makosa hukaa pale hadi kitabu kinatoka. Yaliyomo na namba za kurasa ni vya mwisho kabisa, baada ya kila kitu kutulia.

Prufu iliyosahihishwa ikirudi, usitazame neno lililorekebishwa pekee. Soma kuanzia mstari wa juu yake hadi mwisho wa aya, kwa kuwa herufi moja iliyoongezwa inaweza kusukuma mistari yote iliyobaki, na neno lililokaa vizuri jana likakatika leo.

Usifanye mizunguko miwili siku moja kama muda unaruhusu. Kwa sasa soma kurasa zote 64 kwa ajili ya maana tu, kisha nitumie orodha ya maswali yako kabla hujampelekea mwandishi. Nitakuambia yapi ni ya kumuuliza na yapi unaweza kuyamaliza mwenyewe.

Dada yako katika kazi,
Mwanaidi