Karibuni: Huduma ya Usafi wa Nyumba kwa Wakazi wa Dar es Salaam

Karibuni sana kwenye ukurasa huu. Sisi ni kikundi kidogo cha wasafishaji wa majumbani, na tumefungua ukurasa ili wakazi wa Dar es Salaam wanaotafuta mtu wa kuwasafishia nyumba wajue mapema tunafanya nini, tunafika wapi, na nini hatufanyi. Tunaomba usome tangazo hili hadi mwisho kabla ya kutuandikia, kwa sababu maswali mengi tunayotarajia yamejibiwa humu.

Huduma ya kwanza ni usafi wa kawaida, ambao mteja anaweza kuuomba mara moja kwa wiki, kila baada ya wiki mbili, au siku yoyote anayohitaji. Tunafuta vumbi, tunafagia, tunadeki, tunasafisha bafu na choo, tunaosha vyombo vilivyopo kwenye sinki, tunafuta jiko na meza, tunatandika vitanda na kutoa takataka. Kwa nyumba inayotunzwa vizuri, kazi hii kwa kawaida huisha ndani ya nusu siku.

Usafi wa kina ni jambo jingine, na ndio unaotuchukulia muda mrefu zaidi. Hapo tunasogeza makochi na vitanda, tunatoa vitu kabatini na kufuta ndani yake, tunasafisha friji na oveni, tunasugua mistari iliyo kati ya vigae, na tunaosha nyavu za madirisha, ambazo hubeba vumbi jingi kuliko watu wengi wanavyodhani. Siku zote tunaanza juu na kushuka chini, kwa kuwa vumbi la pangaboi likiangukia sakafu iliyokwisha kudekiwa, kazi inarudi mwanzo. Pangaboi lenyewe tunalifuta kwa foronya kuukuu: panga moja linaingizwa ndani ya foronya, kitambaa kinabanwa kwa mikono miwili na kuvutwa polepole kuelekea nje, na vumbi lote linabaki ndani badala ya kumwagika kitandani. Umeme wa feni huzimwa kwanza.

Nyumba nyingi za jiji hili hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na alama zake huonekana kwenye mabomba, kwenye vioo vya bafu na kuzunguka tundu la sinki kama ukoko mweupe usiotoka kwa sabuni. Ukoko huo huyeyuka kwa siki au dawa nyingine yenye asidi, lakini asidi hiyo hiyo huharibu mawe ya marumaru na sakafu ya terazo, ikaacha mabaka yasiyong'aa ambayo hayaondoki bila kusaga sakafu upya. Ndiyo maana tunauliza sakafu yako na meza ya jikoni ni za nini kabla hatujachagua dawa, na swali hilo tunaomba ulijibu kwa uhakika kadiri unavyoweza. Picha inasaidia sana.

Kuhusu dawa, tuna msimamo ambao hatuulegezi. Hatuchanganyi dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, na dawa ya choo yenye asidi wala na siki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu. Vilevile hatuichanganyi na dawa yenye amonia. Mteja akituomba tuchanganye ili choo kitakate upesi, tutakataa kwa heshima. Choo hutakata kwa kuipa dawa moja muda wa kukaa, dakika kadhaa kama maelekezo ya chupa yanavyosema, kisha kusugua na kumwaga maji ya kutosha. Vitambaa vya chooni vina rangi yake na havigusi jikoni hata siku moja.

Tunasafisha pia nyumba inayohamwa au inayohamiwa, ikiwa tupu, na nyumba iliyotoka kwenye ujenzi au kupakwa rangi, ambayo huwa na matone ya rangi kwenye vioo na utando wa saruji juu ya vigae. Makochi, mazulia na magodoro tunayaosha kwa makubaliano ya pekee, kwani yanahitaji hewa na muda wa kukauka. Msimu wa masika tunaweza kukushauri usubiri, maana kochi lililobaki na unyevu ndani huota ukungu na kunuka.

Hatupulizii dawa ya wadudu, hatuoshi matangi ya maji, hatufui nguo, na hatusafishi madirisha kwa nje kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu. Kazi hizo zina mafundi na vifaa vyake.

Tunafika Kinondoni, Magomeni, Sinza, Kijitonyama, Mwenge, Mikocheni, Msasani, Masaki na Kawe bila gharama ya ziada ya usafiri. Upanga na Kariakoo pia tunakuja, ila tunaomba utueleze kama jengo lina lifti na kama mlinzi anahitaji majina yetu getini. Kwa Barabara ya Bagamoyo tunakwenda hadi Mbezi Beach na Tegeta, na kwa Barabara ya Morogoro tunakwenda Ubungo na Kimara. Huko tunaongeza nauli, nayo tunaitaja kabla hujakubali. Ukiandika "Mbezi" peke yake tutakuuliza tena, kwa kuwa Mbezi Beach na Mbezi ya Kimara ziko kwenye barabara mbili tofauti na kukosea kunaweza kutupotezea asubuhi nzima. Kigamboni, Mbagala na Gongo la Mboto kwa sasa hatufiki. Tungependa, lakini kwa foleni za jiji hatuwezi kuahidi kuwahi, na hatutaki kumweka mtu nyumbani akitusubiri.

Tunafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Vifaa na dawa tunakuja navyo. Wewe tunahitaji utupatie maji na umeme. Kama una mtoto mchanga, mgonjwa wa pumu au paka na mbwa ndani ya nyumba, tuambie ili tutumie dawa isiyo na harufu kali na tupange chumba gani kianze. Fedha, vito na nyaraka tunaomba uvifungie mahali pako kabla hatujafika, kwa amani ya pande zote mbili. Kitu kikivunjika mikononi mwetu tutakuambia siku hiyo hiyo na tutakubaliana namna ya kukilipia.

Bei hatujaiandika hapa kwa sababu nyumba ya vyumba viwili iliyofungwa mwaka mzima inaweza kuwa na kazi kubwa kuliko ya vyumba vinne inayosafishwa kila wiki. Tutumie ujumbe wa faragha ukitaja mtaa unaoishi, idadi ya vyumba na vyoo, aina ya usafi unaoutaka na siku mbili zinazokufaa, pamoja na picha za jikoni na bafuni. Tutakujibu kwa bei kamili, na bei hiyo haitabadilika siku ya kazi isipokuwa wewe mwenyewe umeongeza kazi. Malipo hufanyika baada ya kukagua chumba kwa chumba pamoja nasi, na pale ambapo hujaridhika tunarudia kabla hatujaondoka.