Baba Kaiazima: Maneno Yenye Nyuso Mbili

Assalaam alaykum wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba, na nyinyi mlioko baharini mnaotusikia kwa redio ya mkononi. Karibuni tena katika kipindi cha lugha.

Leo naanza na baiskeli. Wiki iliyopita alitupigia simu kijana mmoja wa Wete. Karudi skuli mchana, anatazama ukutani, baiskeli haipo. Kamuuliza mama yake, naye yuko jikoni anakuna nazi. Mama hata kichwa hakuinua: "Baba yako kaiazima." Kijana akafahamu kwamba baba kampa mtu. Akatoka kuitafuta nyumba kwa nyumba, mpaka kwa fundi cherehani mmoja ambaye mwaka jana aliichukua baiskeli hiyo akairudisha haina kengele. Hapo wakakaribia kuvunjiana heshima. Kumbe baiskeli anayo baba mwenyewe, kaipanda kaenda nayo Konde. Kijana akatuuliza: jamani, mama kakosea Kiswahili?

Hakukosea. Kuazima ni kutoa kitu akapewe mwengine kwa muda, na kuazima ni kukichukua kitu hicho. Neno moja, mikono miwili inayoelekeana. Wataalamu wa lugha huyaita maneno ya namna hii kontronimu. Waarabu walishayapa jina zamani, al-adhdadi, na huko tutafika.

Kwanza tumalize la mama. Ukisema "niazime mwiko," hakuna anayebabaika, kwa sababu yule unayemwambia ndiye mwenye mwiko. Ukisema "nimeazima kwa Bi Asha," lile "kwa" limekwisha kuonesha kitu kimetoka wapi. Na ukisema "kamwazima Hamadi," ile "-mw-" ya kati inatwambia Hamadi ndiye aliyepokea. Mama alisema "kaiazima". Ile "-i-" ni ya baiskeli, na baiskeli haitwambii kitu. Hakuna "kwa nani", hakuna aliyepewa. Nguzo zote mbili zimeondolewa, paa limebaki hewani, na kila mtu analiegemeza ukuta anaoutaka.

Kwani neno lenyewe limetaja nini? Limetaja safari ya kitu: kinaondoka kwa huyu, kinakaa kwa yule, kitarudi. Halikutaja msemaji kasimama upande gani wa mlango. Kwa maneno mengine ya biashara tuna dawa ya hili, tunatia "-sha": huyu anakopa, yule anakopesha, mpangaji anapanga nyumba, mwenye nyumba anapangisha. Hata kuazima, wapo wanaosema "kuazimisha" kwa yule anayetoa. Lakini mazungumzo ya haraka huikwangua dawa hii. Nenda Paje au Nungwi usikilize. Mwenye vespa anasema "nakodisha vespa," na mteja aliyetoka mjini anakuja anasema "nataka kukodisha vespa." Mwalimu wa skuli atamsahihisha: wewe unakodi, mwenzio anakodisha. Mteja ataitikia, na kesho atasema vile vile. Mbele ya macho yetu, neno lililokuwa na uso mmoja linaota wa pili.

Wala si letu peke yetu. Katika Kiarabu cha kale, "sharaa" ni kununua na pia ni kuuza. Wanaosoma Sura ya Yusuf wanaijua aya ya 20, pale Nabii Yusuf alipotolewa kwa thamani duni, dirhamu za kuhesabika. Kitenzi kilichotumika ni hicho hicho ambacho siku nyingine kingekuwa cha kununua.

Sasa nije kwenye neno ninalolipenda kuliko yote, maana limejificha hadharani. Neno "nyuma". Tunasema "miaka ya nyuma", tunakusudia iliyopita. Halafu yule yule bibi aliyesema hivyo anageuka anasema "watakaokuja nyuma yetu watatulaumu", anakusudia watoto ambao hawajazaliwa. Sasa nyuma ni jana au ni kesho?

Mie naona inategemea unajitazama vipi. Ukijiona uko peke yako njiani, unatoka Chwaka unakwenda mjini, basi ulikokwisha kupita kuko nyuma yako: hayo ndiyo mambo ya kale. Lakini ukijiona umo katika msafara wa watu, aliye nyuma yako ndiye atakayefika baadaye. Njia ni moja, miguu ni ile ile, ila mara moja umejihesabu peke yako na mara nyengine umejihesabu na wenzako. Ndiyo maana mtu akikwambia "arusi imesogezwa nyuma," usiende kushona nguo. Muulize tarehe.

Na ajabu, Kiarabu kina mtego huu huu mahala hapa hapa. Neno lao la "nyuma" ni "waraa". Katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 79, chombo cha maskini kinatobolewa kwa sababu "waraa" yao kulikuwa na mfalme anayepora kila chombo. Kama mfalme yuko nyuma nao wamekwisha kumpita, khofu ya nini? Wafasiri wengi wakaeleza kwamba hapo maana yake ni mbele yao, huko waendako. Baharia wa Mkoani atalifahamu hilo upesi kuliko mie mtu wa ubao na chaki.

Nilisema Waarabu waliyapa maneno haya jina. Waliyaandikia na vitabu. Mashuhuri ni cha Ibnu al-Anbari wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940 kwa hesabu ya miladi, aliyekusanya mamia ya maneno hayo akayatolea ushahidi wa mashairi na aya. Na kwa vile wanachuoni hawakosi mpinzani, akatokea Ibnu Durustawayhi kukana kwamba adhdadi zipo. Lugha, kwa hoja yake, ni ya kubainisha. Vipi neno libainishe kitu na kinyume chake? Hoja nzuri, lakini huyo bwana hakutafuta baiskeli Wete.

Moja katika maneno hayo limeingia mpaka ndani ya nyumba zetu. Aya ya 228 ya Sura ya Al-Baqara inamtaka mwanamke aliyeachwa akae eda ya "quruu" tatu. Na "qurʼu" kwa Kiarabu ni hedhi, na pia ni tohara, ile nafasi ya baina ya hedhi mbili. Madhehebu ya Hanafi wakachukua hedhi. Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, wakachukua tohara. Kwa hivyo siku ya kumaliza eda si moja kwa wote, na chanzo ni neno moja lenye nyuso mbili. Huo si mchezo wa maneno tena, hapo kuna kuolewa na kutoolewa.

Wapo waliosema kwamba adhdadi nyingi huzaliwa makabila yanapokutana. Wanasimulia kisa cha Mwarabu aliyekwenda kwa mfalme wa Himyari katika mji wake wa Dhafari, kule Yemen, akamkuta yuko pahala pa juu sana. Mfalme akamwambia "thib". Kwa lugha ya Himyari: kaa. Kwa lugha ya mgeni: ruka. Mgeni akasema, utaniona mtiifu, akaruka, akafa. Mfalme akasema, anayeingia Dhafari naaseme Kihimyari. Siapi kwamba kilitokea, ila tangu nikisome sijamkaribisha mgeni bila ya kumwonesha kiti kwa mkono.

Tuache ya Waarabu, turudi jikoni. "Wali umeiva?" "Bado." Maana yake haujaiva. "Mgeni yupo?" "Bado yupo." Maana yake hajaondoka. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, "baadu", na halikuwa na ukanushi ndani yake. Ukanushi ulikuwa jirani yake: "bado haujaiva". Jirani huyo kila siku anasikika, mwisho watu wakaona hana haja ya kutajwa. Akaondoka, akaiacha maana yake kwa "bado". Wafaransa yamewafika hayo hayo: neno lao la "mtu" limekaa na kikanushi muda mrefu mpaka likisimama peke yake lina maana ya "hakuna mtu".

Na kinyume chake mnakisikia kila jioni pale Forodhani. Sisi tunasema "hujambo", yaani huna jambo, huna zito lililokufika. Watalii wakalikata kichwa, wakabaki na "Jambo!" Ukilifuata neno kwa neno, anakupungia mkono huku akikutajia masaibu. Nasi tunamwitikia kwa furaha.

Kuna mengine yanayofanana kwa bahati tu. "Simu nzima" inafanya kazi, "simu imezima" haifanyi. Mtu mzima yuko hai, aliyezimia yuko chini anapepewa. Lakini hayo kamusi huyaweka mbalimbali, "-zima" ya uhai na "zima" ya kuondoa moto. Ni watu wawili waliovaa kanzu moja, simwiti huyo neno la nyuso mbili.

Vijana wanafanya yao. Mwimbaji wa taarabu akiwakuna wanasema "balaa!", chakula kikiwa kitamu ni "hatari", na bibi arusi "kapendeza vibaya". Wazee huja hapa studio kulalamika. Nawaambia, tazameni njia yenyewe: neno la kutisha lina nguvu, kijana anaitaka nguvu, ubaya anautupa njiani. Na wazee walikwenda njia hiyo hiyo, ila kwa upande wa pili, wakitaja kizuri ili kibaya kisije. Waarabu wa kale walimwita aliyeumwa na nyoka "salimu", yaani aliyesalimika, na jangwa linaloua watu wakaliita "mafaza", pahala pa kufuzu. Sisi tulipokuwa wadogo, usiku nyoka alikuwa "kamba". Na hata leo, ukimtia mgeni wali sahani ya pili naye akakwambia "ahsante", usimtilie. Kakataa.

Mtayarishaji ananionesha saa. Nimwahi kijana wa Wete, maana aliahidi kusikiliza.

Baba yako, mwanangu, alitupigia jana. Anasema alirudi magharibi, gurudumu la nyuma halina upepo, mkungu wa ndizi umefungwa kwenye kiti, akakukuta barazani umenuna, mama anakwambia "huyo hapo aliyeiazima." Akakasirika kuliko nyote. "Nimeiazima kwa nani?" anasema. "Baiskeli niliinunua mie."