Profesa Bamvua

Saa tano usiku video zote arobaini na moja zilikuwa bado ziko hewani, na kaka Hamza hapokei simu.

Chanzo ni ujumbe wa sauti wa mwalimu wangu wa jiografia. Ndiye aliyenishika mkono nilipokuwa naandika barua ya maombi, na usiku ule alitaka tu kunitakia heri kwa usaili wa chuo wa kesho yake. Dua, nasaha za kukaa wima na kutazama kamera, kisha mwishoni kabisa, kama mtu aliyekwishavaa viatu anakumbuka jambo mlangoni: "Halafu Mwanaidi, hakikisha mtandaoni uko safi. Siku hizi wanakutafuta kabla hujafika."

Nikacheka. Mimi mtandaoni nina nini? Nikaandika majina yangu matatu, nikabonyeza.

Tokeo la pili lilikuwa mimi. Nina miaka kumi na mitatu, nimevaa kanzu ya Babu inayofagia chini, nimejichora masharubu kwa wanja wa Mama, na barakoa ya kitenge inaning'inia kwenye sikio moja. Akaunti inaitwa @profesa_bamvua, na chini yake, kwa fahari zote, nimeandika jina langu kamili, shule yangu na Sahare, Tanga. Aliyebakisha kitu hapo ni nani?

Ilikuwa 2020. Shule zilifungwa mwezi wa tatu kwa ajili ya korona, nami ndiyo kwanza nimeonja kidato cha kwanza. Mpaka zilipofunguliwa mwishoni mwa mwezi wa sita, kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo na kuwa profesa. Simu ilikuwa ya Hamza. Laini ilikuwa ya Hamza. Paswedi niliitunga mimi, na hiyo nimeisahau kama nilivyosahau kila kitu cha mwaka ule isipokuwa harufu ya vitakasa mikono.

Sasa simu inaniambia namba za uthibitisho zimetumwa kwenye laini inayoishia 84, na laini inayoishia 84 iko Tunduma.

Hamza ni utingo wa lori. Alipokea mara ya sita. Nyuma yake injini zinanguruma.

"Kuna msiba?"

"Hamna msiba, kaka. Ile laini yako ya zamani bado unayo?"

"Mwanaidi, tuko kwenye foleni ya mpaka tangu jana. Unanipigia saa hizi kuniuliza laini?"

Nikamweleza. Kimya. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka nikasikia dereva anauliza kuna nini, naye akamwambia, "Ni mdogo wangu, yule profesa." Yule profesa! Kumbe nina sifa mpaka mpakani na Zambia.

Laini ilikuwa ndani ya pochi, nyuma ya kitambulisho. Akazima simu ili aiweke. Namba zilipoingia akanisomea taratibu kama imamu, na aliponitajia ya sita muda wake ulikuwa umekwisha. Mara ya pili akasoma tarakimu mbili kinyume. Mara ya tatu nikamwomba anitumie kwa maandishi, akasema hana bando, nikamnunulia bando kutoka kwenye bando ambalo Mama alinitafutia kwa ajili ya kesho. Saa sita na dakika kumi nikaingia.

"Zifute zote," Hamza alisema. "Isipokuwa ile ya mbuzi."

Ile ya mbuzi niliifuta ya kwanza.

Nilikuwa nimelala kifudifudi kitandani, neti nimeishusha, mwanga nimeupunguza ili Mama asione chini ya mlango. Ningeweza kuifuta akaunti nzima kwa mkupuo mmoja, najua. Lakini niliogopa kwamba kuna mahali pa kuthibitisha tena, kisha nimrudie Hamza tena. Basi nikawa nachambua moja moja kama mtu anayechagua mchele. Shikilia, futa, una uhakika, ndiyo. Nikicheza muziki juu ya tenki la maji la jirani: futa. Nikimwimbia mvulana ambaye nilidhani hatajulikana kwa kuwa nimemwita "H. wa B": futa, na Mungu anisamehe. Nikilia machozi ya kweli kwa kuwa nimepoteza wafuasi wanne: hiyo niliitazama mara mbili, kwa mshangao. Nikifundisha kupika chila na chila zote zimeganda chini. Futa, futa.

Shida yangu haikuwa masharubu. Watu wale wa chuo, nadhani, wamewahi kuwa watoto. Chuo chenyewe kiko Wales, mji wa pwani, na Mama akiulizwa na wageni wa futari mwanawe anaomba kwenda wapi anasema "Weli", kisha anaongeza haraka "ni kulekule Uingereza" ili asionekane amedanganywa. Nimeomba sayansi ya bahari. Usaili ni saa tisa alasiri kwa saa zetu, saa sita mchana kwao, nami nitakuwa na saumu, ulimi mkavu kama kibao cha mbuzi.

Na barua yangu ya maombi, ile waliyoipenda hadi wakaniita, inaanza hivi: *Profesa wangu wa kwanza alikuwa babu yangu, mvuvi, ambaye nilimsikiliza.*

Video ya mwisho ilikuwa ya kwanza kurekodiwa. Ndiyo iliyotazamwa kuliko zote, mara elfu hamsini na mbili. Nilikuwa nimeikwepa usiku kucha.

Nikaweka simu sikioni, sauti chini.

Ni uani kwetu. Babu amekaa kwenye kigoda anashona jarife, kucha za vidole vya miguu zimeshika upande mmoja wa wavu. Profesa anaingia na fimbo. "Leo tutajifunza kwa nini maji ya bahari yanakwenda na kurudi. Nimemwalika mzee huyu mvuvi atupe maoni yake. Mzee, karibu."

Babu hainui uso. "Maji yanafuata mwezi. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, bamvua. Yanajaa sana na yanakupwa sana. Mwezi saba na mwezi ishirini na mbili, maji mafu, hayana nguvu. Na kila siku yanache—"

"Asante sana, mzee!" Profesa anamgeukia mtazamaji, anakunja uso. "Ndugu watazamaji, hizo ni imani za watu wa kale ambao hawakusoma. Mwezi uko mbali, utavutaje maji? Ukweli ni kwamba maji yanakwenda Pemba kulala, asubuhi yanarudi. Na mzee sasa anaweza kutoka."

Na Babu anatoka. Hilo ndilo nililokuwa nimelisahau. Kichwani mwangu kwa miaka sita alikuwa akicheka. Kwenye video hacheki. Anakusanya wavu wake, anakaza kikoi, anaondoka taratibu nje ya picha, naye alikuwa hajamaliza sentensi. Chini watu wameandika "mzee kafukuzwa kwenye somo lake" na vile vikatuni vya kucheka machozi, mstari baada ya mstari.

*Ambaye nilimsikiliza.*

Kidole changu kilikaa juu ya lile neno la kufuta. Sikujua kama nafuta ujinga wa mtoto au nafuta ushahidi.

Ngoma ya daku ilinikuta hapohapo. Mtaani kwetu bado wanapita vijana na debe, wanaita kila nyumba kwa jina. Saa kumi kasoro. Nikasikia Mama anawasha jiko, kisha kikohozi cha Babu uani. Nikatoka nimejifunika kanga, macho mekundu.

Mwezi ulikuwa wa kumi na nne, mweupe, umeshaanza kuinama upande wa magharibi. Ungeweza kuhesabu mawe ya uani. Babu amekaa kwenye kigoda kilekile, ananawa.

"Mchumba hukulala," akasema. "Kule unakokwenda wanataka mtu asiyelala?"

"Babu, naomba uone kitu."

Nikampa simu. Babu hutazama simu kwa mkono ulionyooka, kichwa nyuma, kama mtu anayesoma kibao cha basi linalopita. Akaangalia yote. Sikuweza kumtazama. Nilitazama maji ya kunawia yanavyopotea mchangani. Ilipokwisha akasema, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. "Hapo. Simamisha hapo."

Picha ikasimama akiwa amefungua mdomo.

"Hapa sikumaliza."

"Najua, Babu. Nisamehe. Nili—"

"Nilikuwa nasema kila siku yanachelewa." Alikuwa haongei na mimi hasa, alikuwa anaongea na yule mzee wa kwenye simu. "Usiku huu yamejaa saa kumi. Sikiliza." Nikasikiliza. Kutoka kwetu hadi ufukweni ni mwendo wa kumaliza sigara moja, na kwenye bamvua maji yakijaa unayasikia yanapiga ukuta wa kina Mzee Kombo. "Kesho yatajaa saa kumi na kitu. Keshokutwa yatasogea tena. Kwa sababu mwezi wenyewe unachelewa kutoka, kila usiku nyuma kidogo. Maji yanamfuata mwenzake. Na bamvua la mwezi huu wa tatu ni kubwa kuliko mengi ya mwaka. La sasa na la mwezi wa tisa. Hayo niliyaacha makusudi, ningekwambia ukiniuliza. Hukuniuliza."

Kitabuni kuchelewa huko ni karibu dakika hamsini kwa siku. Na bamvua la mwezi wa tatu na wa tisa lina sababu zake, jua linapokuwa juu ya ikweta. Niliyasoma kidato cha sita kwa lugha ya watu, nikayakariri, nikapata alama zangu. Haikunipitikia kamwe kwamba ningeweza kuyapata uani bure kama ningenyamaza sekunde ishirini.

"Nataka kuifuta, Babu. Wakiiona kesho..."

"Futa. Mimi inanihusu nini?" Akanirudishia simu, akavuta sahani ya wali wa jana na samaki. "Ila yale masharubu yalikukaa vizuri kuliko ya baba yako."

Nikaihifadhi kwenye simu yangu kwanza, kisha nikaiondoa hewani. Elfu hamsini na mbili ikawa sifuri. Nikafungua barua yangu na kuusoma ule mstari wa kwanza. Ilikwishatumwa tangu mwezi wa kumi na mbili, siwezi kubadili hata nukta. Wakiniuliza kuhusu babu yangu itabidi niwaambie nilimfukuza, kwa Kiingereza, na sijui "alikaza kikoi akaondoka" nitaisemaje ikaeleweka.

Mama akaleta chai. Tukala bila maneno mengi, tunaangalia saa ya imsaki.

"Huko Weli," Babu akauliza, anachambua miba, "bahari ikikupwa inatoka mpaka wapi?"

"Sijui, Babu."

"Na wavuvi wao wanahesabu kwa mwezi au kwa saa?"

"Sijui."

"Basi waulize. Na wakianza kusema uwaache."

Nikachukua karatasi yangu ya maandalizi, ile iliyojaa majibu pande zote mbili, nikatafuta nafasi pembeni, nikayaandika maswali yote mawili kwa penseli kabla hawajaadhini.