Dani ameingia Fesibuku!

Dani karibu sanaa! Hiyo picha ya ngege pale Dunga imetoka poa, kidole chako kwa kona hakijaharibu kitu, magamba yanaonekana moja moja, sasa sema walikuuzia ngapi na kama unampika na mboga ya osuga.

Hii posti ya pili, ya kumwomba mama wa kwaya namba yake, sote tumeiona hehe, ukitaka aone yeye pekee gusa jina lake halafu ile alama ya meseji. Ukichoka kutaipu kuna maikrofoni hapo kwa kibodi, ongea tu.

Na ile hadithi ya treni mbona umeikatia njiani?? Reli kufika Kisumu 1901 tulisoma shule, lakini ya wewe kusafiri na jogoo chini ya kiti hakuna mwalimu alituambia. Malizia bana, kondakta alimwona ama?